Tangazo la sadaka lisilomwaibisha mtu

Shaaban inapokaribia kumalizika, vipaza sauti vya mitaa mingi ya Pwani hutoa tangazo ambalo tumelisikia hadi tunalijua kwa ghibu: wajane, mayatima, wazee na wote wasiojiweza wafike ofisini kesho saa mbili asubuhi, waje na vitambulisho, kuna msaada wa chakula. Anayelisoma ana nia njema, na waliochanga wamejinyima. Lakini ukilisikiliza kwa sikio la anayeitwa, utaona kazi ya kuaibisha imekwisha kabla kiroba cha kwanza cha sembe hakijashushwa.

Kwanza, linawaita watu kwa majina ya misiba yao. Mama anayevuka barabara saa mbili asubuhi kuelekea ofisini tayari ametangaza, kwa miguu yake, kwamba nyumbani kwake hakuliki. Pili, halisemi vifurushi ni vingapi, kwa hiyo kila aliyesikia anaamini kwamba akiwahi atapata. Tatu, linawakusanya wote mahali pamoja, wakati mmoja. Na halisemi watachaguliwa vipi, maana yake watachaguliwa palepale mlangoni, kwa viwiko au kwa kujuana.

Hayo mawili ya katikati yameshaua watu. Tarehe 19 Aprili 2023, siku za mwisho za Ramadhani, umati ulifika kwenye shule moja mjini Sanaa, Yemen, ambako wafanyabiashara walikuwa wakigawa fedha. Zaidi ya watu 70 walikufa kwa kukanyagana. Karibu nasi zaidi, tarehe 10 Aprili 2020, wakazi wa Kibera, Nairobi, walijaa kwenye ofisi ya serikali walikosikia kuna chakula, wakasukumana, polisi wakarusha mabomu ya machozi, na wengi wakaumia. Mara nyingi sababu ni ileile: mlango mmoja, wakati mmoja, na idadi ambayo hakuna anayeijua.

Makala hii inahusu lile linalotangulia foleni, yaani maneno ya tangazo na vigezo vilivyo nyuma yake. Ili tusizungumze hewani, tuchukulie mfano wa mtaa wenye kaya 340, na kamati iliyokusanya vifurushi 120. Kila kifurushi kina sembe kilo 10, mchele kilo 5, maharage kilo 3, mafuta ya kula lita 2, sukari kilo 2 na paketi ya chumvi.

Swali la kwanza ni la hesabu, nalo ndilo kamati nyingi huliruka. Kifurushi hiki kinalisha nani, kwa siku ngapi? Mashirika ya misaada hupanga kwa wastani wa kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Ukijumlisha nguvu iliyomo katika vyakula hivi unapata takriban kilokalori 88,000. Familia ya watu watano itakula siku nane na ushei. Bibi anayeishi peke yake atakula wiki sita. Nyumba ya watu tisa itafikisha siku ya tano kwa shida. Kwa hiyo ule usemi wa "kila kaya kifurushi kimoja", unaosikika kama haki yenyewe, unampa mmoja chakula cha wiki sita na mwingine chakula cha siku nne na nusu.

Ajabu ni kwamba sisi wa Pwani tunaijua kanuni iliyo bora zaidi na tunaitumia kila mwaka tukiwa upande wa kutoa. Zakatul-fitri hutolewa kwa kichwa, pishi moja kwa kila mtu, hata mtoto aliyezaliwa juzi. Pishi ni vibaba vinne, kadiri ya kilo mbili na nusu hadi tatu. Baba mwenye watoto sita haambiwi atoe pishi moja kwa sababu mlango wake ni mmoja. Tunapotoa tunahesabu vichwa, tunapogawa tunahesabu milango. Sijapata kusikia sababu ya maana.

Dawa yake haihitaji kufungasha vifurushi vya ukubwa tofauti, jambo linalozua minong'ono ya "mbona cha fulani kikubwa". Vifurushi vibaki sawa, idadi ndiyo ibadilike: kaya ya mtu mmoja hadi wanne kimoja, watano hadi wanane viwili, tisa na kuendelea vitatu. Kaya hapa maana yake ni wanaokula chungu kimoja. Katika nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita na ukumbi katikati, zinaweza kuwa kaya sita, na orodha ikipitia kwa mwenye nyumba peke yake, wapangaji watano hawamo. Hilo ndilo kosa la kuacha watu ninaloliona kuwa la kawaida kuliko yote mjini, na halitokani na roho mbaya. Linatokana na mtu kubisha mlango wa mbele tu.

Sasa tuje kwenye vigezo. Maneno kama mjane, yatima, mzee na mlemavu yanamweleza mtu ni nani. Hayasemi jana usiku alikula nini. Mjane aliyeachiwa nyumba yenye vyumba vinne vya kupangisha anaingia orodhani bila swali. Kijana aliyekuwa na pikipiki ya mkataba, akavunjika mguu, akashindwa kupeleka hesabu na mwenye pikipiki akaichukua, ana mke na watoto watatu, lakini hana jina la kuingilia. Hakuna tangazo lililowahi kuwaita "vijana waliovunjika miguu".

Watu wa misaada ya chakula, wakiwemo wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, wana kipimo chepesi kinachokwepa majina hayo. Ni maswali matano kuhusu siku saba zilizopita. Siku ngapi mlilazimika kula chakula msichokipenda kwa kuwa ni rahisi? Siku ngapi mliazima chakula au kutegemea jamaa na majirani? Siku ngapi mlipunguza kiasi cha chakula sahanini? Siku ngapi wakubwa walijinyima ili watoto wale? Siku ngapi mlipunguza idadi ya milo? Idadi ya siku huzidishwa kwa uzito wa swali. La kuazima lina uzito wa 2, la wakubwa kujinyima lina 3, mengine yote 1. Jumla ya juu kabisa ni 56.

Tuwapime wale wawili wa mfano wetu. Mama mwenye vyumba vya kupangisha anasema siku mbili walikula ugali kwa mboga asiyoipenda, basi. Jumla yake 2. Kijana wa pikipiki anasema siku sita walikula cha rahisi, hizo ni 6. Siku tatu mkewe aliazima unga kwa jirani, mara mbili, 6. Siku tano walipunguza sahanini, 5. Siku nne yeye na mkewe hawakula ili watoto wale, mara tatu, 12. Siku nne walikula mlo mmoja, 4. Jumla 33. Hakuna aliyeulizwa kama ni maskini, wala hakuna aliyelazimika kujiita hivyo.

Maswali haya yana mtego mmoja kwa mitaa yetu. Ukiyauliza ndani ya Ramadhani, swali la kupunguza milo halina maana tena, kwa sababu mtaa mzima umepunguza milo kwa ibada, na swali la kula cha kuazima linachanganyika na sahani za futari ambazo majirani hupelekeana kama desturi. Kwa hiyo kazi ya kuuliza ifanyike Shaaban, siku zake kumi za mwisho. Kamati inayoanza kuuliza mwezi ukishaandama imechelewa.

Namna ya kuuliza nayo ina ufundi. Ukimkuta mama mtu mzima ukamwambia, "Shikamoo mama, hivi hapa mna shida ya chakula?" atakujibu, "Marahaba mwanangu, alhamdulillahi, hatujambo." Heshima imemtangulia, nawe umeandika sifuri. Uliza siku kwa siku: "Jana jioni mlipika nini, mama? Na juzi?" Hapo anakumbuka sufuria, hakumbuki aibu, na jibu linakuja lenyewe. Wanaouliza wawe wawili, mwanamke na mwanamume, waingie ndani au wakae uani, wasihoji ukumbini ambako milango mitano mingine inasikiliza. Mjumbe wa shina awaonyeshe nyumba tu, asikae kwenye mahojiano. Yeye ataendelea kukutana na familia hiyo mwaka mzima, kwenye misiba, kwenye barua za utambulisho na kwenye uchaguzi.

Na hapa ndipo penye siri ya kumsitiri mtu: ulizeni kaya zote 340. Mkipita kwa "wahitaji" tu, kubisha kwenu hodi tayari ni tangazo. Mkipita kila mlango, hata kwa mwenye duka la jumla na kwa mwalimu mstaafu mwenye gari, ziara haimwambii jirani lolote. Dakika kumi zinatosha kwa kaya moja. Jozi sita za wahojaji, kila moja kaya kumi kwa jioni, zinamaliza mtaa kwa jioni sita.

Wapo watakaodanganya. Dalili yake ni jibu la "siku saba" kwa maswali yote matano, huku sufuria ya pilau ikinukia nyuma ya pazia. Wapo pia watakaojificha kwa haya, na hao wananitia wasiwasi zaidi. Kurani yenyewe, katika sura ya Al-Baqara, inawazungumzia watu wa namna hiyo, ambao asiyewajua huwadhani wana uwezo kwa vile hawaombi. Kwa makundi yote mawili, watu watatu kutoka pande tofauti za mtaa, tuseme muuza genge, mwalimu wa madrasa na muuguzi aliyestaafu, wapitie orodha ya kaya na jumla zake kwa faragha, waweke alama penye shaka, na kaya hizo zirudiwe na jozi nyingine. Aliye kwenye kamati asihoji ndugu zake.

Kuna ubishi kama uzito wa maswali utangazwe. Wengine husema uwazi ni uwazi. Mimi naona maswali yatangazwe yote mapema, uzito ubaki kwa kamati mpaka orodha ifungwe, halafu yeyote anayetaka kujua alama za kaya yake aonyeshwe zake na namna zilivyojumlishwa. Ukitangaza mapema kwamba wakubwa kujinyima kunazidishwa mara tatu, mtaa mzima utakuwa umejinyima kufikia Ijumaa.

Wasomaji watauliza: mbona TASAF huchagua hadharani? Ni kweli, katika Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, mkutano wa kijiji au mtaa ndio unaotaja kaya, kisha dodoso linajazwa, kisha orodha inarudi mkutanoni kuthibitishwa. Njia hiyo ina nguvu yake, hasa kwa fedha za umma zinazolipwa miaka kadhaa, kwa sababu mkutano humkataa mwenye ng'ombe kumi aliyejipenyeza. Gharama yake ni kwamba umaskini wa mtu unajadiliwa akiwa amekaa palepale. Neno "walengwa" limeingia kulainisha mambo, lakini mkutanoni kila mtu anajua maana yake. Kwa kifurushi cha siku nane sioni kwa nini mtu alipe gharama hiyo.

Turudi kwenye vifurushi vyetu 120. Sita viwekwe kando kwa ajili ya malalamiko. Vinabaki 114. Kamati inapanga kaya kuanzia alama za juu kushuka, ikitoa idadi kwa ukubwa wa kaya, mpaka 114 viishe. Tuseme kaya 51 zinapata kimoja kimoja, 27 viwili viwili, na tatu kubwa vitatu vitatu. Jumla ni kaya 81. Zikifungana alama pale mstari unapokatiwa, yenye mtoto wa chini ya miaka mitano itangulie.

Sasa ndipo tangazo linaandikwa, au tuseme linamalizika kuandikwa, maana lilipaswa kusomwa kabla ya kuuliza. Mimi ningeliandika hivi:

"Kamati ya sadaka ya mtaa ina vifurushi 120 vya chakula cha Ramadhani. Havitoshi kwa kaya zote, kwa hiyo vitakwenda kwanza kwa kaya ambazo chakula kimepungua zaidi wiki hizi, na kaya yenye watu wengi itapata zaidi. Kuanzia tarehe 20 hadi 25 Shaaban, watu wawili wa kamati watapita kwa kila kaya, mwenye nyumba na mpangaji, wa dini zote, kuuliza maswali yaleyale: mnakula wangapi pamoja, na katika siku saba zilizopita mlikula nini na mlipunguza nini. Hakuna haja ya kufika ofisini wala kuandika barua. Asiyependa kuhojiwa aseme tu, hataulizwa sababu. Watakaopata wataarifiwa wao wenyewe kwa simu au kwa kufuatwa. Majina hayatabandikwa wala kusomwa, na hakuna atakayepigwa picha. Msaada huu haulipiwi kwa fedha, kura wala kazi. Ambaye hakupitiwa, au hakuridhika, amwone yeyote kati ya wanakamati wawili wa malalamiko mpaka tarehe 5 Ramadhani."

Neno "wahitaji" halimo, wala "wasiojiweza". Idadi imetajwa mwanzoni kabisa, pamoja na ukweli mchungu kwamba havitoshi. Anayekosa atajua amekosa kwa uhaba, si kwa kudharauliwa. Wanakamati wa malalamiko ni wawili, mmoja mwanamke, ili mtu asilazimike kumlalamikia yuleyule aliyemkata. Maneno "wa dini zote" yanawezekana kwa sababu hii ni sadaka. Kama sehemu ya fedha ni zaka, ambayo ina masharti yake ya nani apewe, itunzwe kwenye daftari lake tangu siku ya kuchangisha. Kuzitenganisha baadaye ni kazi ya kukisia.

Utoaji nao una mitego. Wengi hupenda kupeleka usiku, wakiamini giza linasitiri. Bajaji inayosimama saa nne usiku kwenye uchochoro inaamsha mbwa na majirani kwa pamoja. Njia iliyo tulivu zaidi ni duka. Kila mtaa una duka ambalo watu wote huingia, na anayetoka na mfuko haulizwi umetoka wapi. Kamati iweke vifurushi kwa mwenye duka wa kuaminika, mpokeaji apewe namba na siku, afike ndani ya saa mbili zilizopangwa. Kumtambua mtu kwa namba, kusaini na kumkabidhi ni dakika tatu. Kaya 81 kwa siku tatu ni 27 kwa siku, kazi ya dakika 81. Hakuna foleni, ni wateja tu. Asiyeweza kutembea apelekewe na mtu wa jozi iliyomhoji, mchana, kama mgeni yeyote anayemtembelea mgonjwa.

Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, tumezoea mifuko mbadala, nayo haionyeshi kilichomo. Iwe ya rangi za kawaida za dukani. Ukishaiandika "Msaada kutoka kwa fulani" umempa mpokeaji bango alibebe hadi kwake, na mfuko ule utaonekana kwenye kamba ya nguo ukianikwa mpaka Id ya pili.

Mfadhili atadai ushahidi, na ana haki. Mara nyingi huomba picha: mama ameinama, kiroba mkononi, mfadhili akitabasamu pembeni. Picha hiyo haithibitishi kitu zaidi ya mfuko mmoja. Mfadhili apewe stakabadhi za manunuzi, picha ya shehena ikiwa stoo, hesabu ya vilivyoingia na vilivyotoka kwa kila siku, na fomu yenye namba na saini. Akitaka zaidi, amteue mtu wake, achague namba kumi kwa bahati nasibu, na kamati iombe ruhusa ya kaya hizo ili azipigie simu kuuliza walipokea nini na kama waliombwa chochote. Kamati inayotaka kubandika orodha ukutani au kutuma picha kwenye makundi ya simu, ikumbuke pia kwamba Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na kwamba habari za ugonjwa wa mtu zimo katika zile inazozihesabu kuwa nyeti.

Vile vifurushi sita vya akiba vitapata wenyewe. Atatokea mpangaji aliyekuwa kazini jioni zote sita, na atatokea mgeni aliyehamia tarehe 27. Atatokea pia mama aliyesema "hatujambo" kwa jozi ya kwanza na ya pili, kisha akamwendea mwanakamati mwanamke peke yake, baada ya tarawehe. Wote waulizwe maswali yaleyale matano, wapewe alama, na jibu litoke ndani ya siku mbili.

Namba na majina vikae katika madaftari mawili, kwa watu wawili tofauti. Lenye namba, idadi na saini ni la wakaguzi, litabaki. Lile la majina lina kazi mpaka hesabu ifungwe na mfadhili aridhike, wiki moja au mbili baada ya Id. Kisha kamati ikae, ihakikishe kwamba vifurushi 120 vimeonekana vyote kwenye daftari la kwanza, na la pili lichomwe moto palepale.